Barua kwa Wazazi, Matondoni

Likoni, Mombasa
20 Februari 2025

Kwa wazazi wangu wapenzi, Baba na Mama,
Matondoni, Lamu.

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh.

Ama baada ya salamu, nawashika miguu kwa heshima na adabu. Natumai barua hii itawakuta wazima wa afya kama nilivyowaacha, au zaidi. Mimi huku sijambo, nakula na kulala, alhamdulillahi. Hofu na mashaka ni juu yenu mlio mbali na macho yangu.

Mama, vipi macho? Nimesikia bado unasuka mkeka usiku kwa mwanga wa koroboi. Tafadhali, ukindu hautakimbia, ungoje asubuhi. Baba, vipi kiuno na vipi mashua? Mataruma yamekwisha kusimama, au mbao zimechelewa tena? Bibi naye goti lake vipi? Mwambieni dua zake nazihisi huku, hasa alfajiri nikiwa kwenye feri. Nisalimieni Dada Mwanaisha na mwanawe, ambaye ameota meno mawili nami sijamwona hata uso. Nisalimieni Ami Bwanaheri na wote wanaokaa chini ya ule mwembe, mwalimu wangu wa chuoni, na majirani wote, mkubwa kwa mdogo. Hata yule punda aliyenitupa siku ya safari pamoja na sanduku langu, msalimieni. Sina kinyongo naye.

Dhumuni la barua hii, Baba, ni jambo ambalo kwa simu limenishinda. Mara tatu nimepiga nikiwa na nia ya kulisema, mara tatu nikaishia kuuliza bei ya samaki.

Zile shilingi 14,000 nilizokuahidi za misumari na mbao, nilikuwa nazo. Nilizikusanya tangu Oktoba, na sasa hazipo. Sikuibiwa, wala sikuzila kwa miraa kama baadhi ya watu huko watakavyosema. Nimelipia mafunzo ya kuendesha foklifti, shilingi 11,500, bila kukutaka shauri. Hilo ndilo kosa langu, nami naomba radhi zako kabla sijasema neno jingine.

Kazi yangu mnaijua ni ya ghalani, Shimanzi, kupakia na kupakua magunia ya chai. Chai ya Kericho, ya Uganda, ya Rwanda, yote hupita hapa kungoja mnada, na vumbi lake hukaa puani hata siku ya mapumziko. (Mama, chai tuinywayo nyumbani sikujua imebebwa na migongo mingapi.) Alfajiri navuka feri pamoja na umati, sisi wa miguu hatulipi, kisha nashika matatu. Jioni narudi na shilingi 750, nikipata kazi. Wiki nyingine napata siku nne, nyingine mbili. Mwezi wa Disemba mgongo ulinishika, nikalala siku tano, na kibarua akilala halipwi. Nikiwa pale kitandani nikamwangalia mzee mmoja tunayekaa naye nyumba moja, amebeba mizigo tangu ujana, leo haoshi miguu yake ila akisaidiwa. Nikaogopa, Baba. Sikukuambia kwa sababu ungesema nirudi.

Mafunzo nimeyamaliza wiki iliyopita. Wewe ulinifundisha kushika keekee bila kuupasua ubao, nami nimeona mashine hii nayo inataka mkono wa namna ile ile: ukilazimisha, unatoboa gunia. Msimamizi amesema baada ya Idi atanijaribu, kwa sababu dereva mmoja anaondoka. Hajaahidi zaidi ya hapo, nami siwaahidi zaidi ya hapo. Ndiyo maana Idi hii sitakuja; asiyekuwepo siku hiyo atapitwa. Inshallah Idi ya kuchinja nitapanda basi hadi Mokowe, mnipokee gatini.

Kwa sasa nakuletea zile 2,500 zilizobaki, kwa mkono wa Athumani anayekuja kufunga Ramadhani nyumbani. Najua hazitoshi misumari. Ikiwa mwenye mashua anakusumbua, mwambie mwanao ndiye aliyechelewesha, na nipe namba yake nizungumze naye mwenyewe. Usikope kwa jina langu wala kwa lako.

Mama, kwenye mfuko huo huo mna kilo mbili za majani ya chai na leso. Jina lake sikulisoma vizuri dukani, nilitazama rangi tu. Nilipofika nyumbani nikalikuta limekaa kama la mafumbo. Usiivae kwenda kwa jirani yule.

Nangoja jibu lako, Baba, hata likiwa la ukali. Mpe Athumani akirudi.

Wasalaam.
Ni mimi mwanenu mtiifu,
Shee