Barua ya Kumuaga Mama Amidi

Dodoma,
27 Juni 2025

Mama Amidi,

Shikamoo Mama. Na mbukwenyi, kama ulivyotuzoesha, hata sisi wa kutoka Tandahimba na Bukoba tuliokuwa tunakodoa macho mwaka wa kwanza tusijue tuitikie nini.

Machapisho yako na miaka ya utumishi yatasomwa ukumbini na wenye majoho. Sisi tuna habari ya jiwe.

Lile jiwe la kijivu linalozuia mlango wako usijifunge. Upepo wa Dodoma unaujua: msimu huu milango ya korido nzima inajipiga, pa! pa!, isipokuwa wako. Wengine hufunga kwa sababu ya vumbi. Wewe uliweka jiwe, ukawa unafuta meza kwa kitambaa kutwa mara tatu. Tuliingia bila miadi, wengine na kandambili miguuni (hilo ulilisema, ila baada ya kutusikiliza).

Mwaka jana wenzetu kumi na wanne waliandikiwa kwamba hawakufanya mtihani, ilhali walikaa chumbani saa tatu nzima. Mmoja alishafungasha begi, anajua amedisko. Hukumkaripia mwalimu, wala hukutuamini kwa maneno matupu. Ulimwita yeye na kiongozi wa darasa, bahasha zikaletwa, skripti zikahesabiwa moja moja juu ya meza yako mpaka saa mbili usiku. Zote kumi na nne zilikuwa kwenye bahasha ya kozi nyingine. Mwalimu hakuaibishwa. Sisi nje tulitaka kupiga vigelegele, ukatuambia twende tukale, kantini inafungwa.

Tuseme ukweli pia: si kila aliyepita mlango ule alitoka anacheka. Tulipokuja kuomba jaribio lisogezwe kwa kuwa bumu limechelewa, ulikataa. Tulinuna siku mbili. Siku ya tatu tukasikia mtoto wa mkubwa fulani naye aliomba hivyohivyo kwa sababu zake, akajibiwa jibu letu neno kwa neno. Tukaacha kununa, tukaenda kusoma.

Tumechanga. Kuna doti ya khanga, na miche sita ya mizabibu kwa ajili ya shamba lako la Mpunguzi. Zabibu za huku huvunwa mara mbili kwa mwaka na kila mavuno yana kupogoa kwake, kwa hiyo usitulaumu ukikosa muda wa kupumzika.

Jiwe tumemwomba katibu muhtasi asiliondoe. Amesema hilo si lake kuamua, ni la amidi ajaye. Basi tutakwenda kumwona siku yake ya kwanza kazini. Tukikuta mlango umefungwa, tutabisha hodi.

Wanao,
Wanafunzi wa mwaka wa tatu,
kwa niaba ya wenzetu wote