Makabidhiano ya sistimu ya duka la mashuka

Dada, salama? Ijumaa ndio siku yangu ya mwisho, kwa hivyo nakuandikia kila kitu hapa, na developa mpya akija mpe huu ujumbe mzima, usimhadithie kwa mdomo.

Sosi kodi yote iko GitHub kwa akaunti ya duka, wewe ndio Owner. Ni Laravel, braunchi inayofanya kazi ni `main`, zile zingine ni majaribio tu aachane nazo. Faili la `.env` halimo huko kwa sababu lina siri za M-Pesa na paswedi ya databesi, nimeliweka Bitwarden yako pamoja na paswedi zote. Tafadhali usimtumie mtu WhatsApp. Kupandisha mabadiliko kwa seva ni hivi:

```
cd /var/www/duka
git pull origin main
composer install --no-dev
php artisan migrate --force
php artisan queue:restart
```

Ile laini ya mwisho watu huiruka halafu wanashangaa mbona SMS za wateja bado zinatoka na maneno ya zamani.

Seva iko DigitalOcean, inakatwa kwa kadi yako kila mwezi, na bekapu ya kila wiki inaongeza asilimia 20 ya bei ya seva, usiizime ukitafuta pa kubana. Domeini ya .co.ke inalipiwa kwingine kabisa, kampuni nyingine na bili nyingine, na imeili ya kukumbusha inaingia ile imeili ya duka ambayo najua huifungui, basi angalau weka alamu kwa simu.

Sasa ambayo hayajaisha. Kubwa ni malipo. Mteja akiweka PIN, Safaricom wanatuma jibu kwa kolbeki yetu, `ResultCode` ikiwa 0 oda inageuka paid, ikiwa 1032 mteja alikataa mwenyewe. Lakini seva ikiwa inarestati dakika hiyo jibu linapotea na oda inabaki pending ilhali pesa imeingia. Developa aongeze kuuliza hali ya malipo kila baada ya muda, nimeanza kwa `CheckPendingPayments.php` lakini haijaunganishwa na chochote. Hadi hapo, mtu akipiga simu kutoka Kisauni anasema nimelipa, angalia kwanza risiti kwa potali ya M-Pesa ndio utoe mzigo, skrinshoti ya SMS haitoshi hata kidogo.

Nauli za nje ya Mombasa bado zinaandikwa kwa mkono, na ripoti ya mwezi sijaigusa, hiyo hatukukubaliana bei.

Developa akikwambia tuandike upya kila kitu, mwambie akuonyeshe kwanza kipi kimeharibika.

Maswali nitajibu jioni hadi mwisho wa mwezi, kazi mpya hapana. Na ufunguo wangu wa SSH mtautoa nyinyi kwa `authorized_keys`, ila developa aingie na wake kwanza ajaribu, maana mkitoa wangu mapema mtajifungia nje.