Barua ya Kufunguliwa Mwaka 2045

Kisumu, 16 Agosti 2025

Kwako mume wangu mtarajiwa,

Nina umri wa miaka kumi na sita, nami ninakuandikia nikiwa nimeketi Dunga, ufuoni mwa Ziwa Viktoria, bila kujua jina lako wala kama umewahi kukanyaga Kisumu. Barua hii nitaifunga kwa gundi na kuiweka katika sanduku la bati la nyanya yangu, ambaye ameapa kutoigusa kwa miaka ishirini (ingawa naujua udadisi wake).

Natumaini tutakuwa na nyumba yenye baraza linalotazama ziwa, watoto wanne, na kwamba hatutagombana hata siku moja, kwa sababu mimi nitakuwa daktari na wewe utakuwa mpole. Kila Jumapili utanipikia ngege kwa ugali wa mtama, nami nitakula kichwa, maana kichwa cha samaki sikigawi na mtu yeyote, hata wewe.

Mama hucheka nikimweleza haya. Utakapoisoma, tafadhali niambie kama magugumaji bado yanaziba njia za mashua, na kama bado ninacheka kwa sauti kubwa mno.

Wako wa moyoni,
Mimi, ambaye bado hunijui