Ombi la data asili za Jedwali la 4: mavuno ya dagaa kwenye mialo minne ya Kigoma

Chuo Kikuu Huria cha Tanzania,
Kituo cha Mkoa,
KIGOMA.

14 Julai 2025

Mheshimiwa Daktari,

Shikamoo.

YAH: OMBI LA DATA ASILI ZA JEDWALI LA 4, UKURASA WA 7

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mwanafunzi wa shahada ya kwanza ya mazingira. Tasnifu yangu inalinganisha mavuno ya dagaa mkoani Kigoma kabla na baada ya Ziwa Tanganyika kufungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024. Ili nilinganishe ninahitaji msingi wa zamani, na makala yako ya mwaka 2016 inanifaa kuliko nyingine nilizonazo kwa sababu inaonyesha mavuno ya mwezi mmoja mmoja, Januari 2012 hadi Desemba 2013, kwa mwalo wa Kibirizi, Katonga, Ujiji na Mwamgongo.

Tatizo ni kwamba jedwali lenyewe limechapishwa kama picha. Ukiliburuza kwa kipanya hakuna tarakimu inayoshikika, na nakala iliyo kwenye tovuti ya jarida ni hiyo hiyo. Naomba unitumie namba zilizo nyuma yake.

Nisingependa udhani nimekimbilia kuomba bila kujaribu. Nilitoa picha kwenye PDF na kuisomesha kompyuta hivi:

```
pdfimages -list -f 7 -l 7 makala.pdf
pdfimages -all -f 7 -l 7 makala.pdf jed
convert jed-000.jpg -colorspace Gray -resize 300% jed.png
tesseract jed.png jed --psm 6
```

Amri ya kwanza ilionyesha picha ina pikseli 640 kwa 410. Jedwali lina mistari 26 ukihesabu kichwa na jumla ya chini, kwa hiyo kila mstari umepata pikseli kama 16, na tarakimu yenyewe haizidi 8 kwa urefu. Picha ilihifadhiwa kama JPEG, na mbano wa JPEG huacha ukungu kuzunguka kila herufi. Kwenye tarakimu ndogo namna hiyo ukungu huo unaziba uwazi wa 3 ikafanana na 8, na 5 ikafanana na 6. Kuikuza mara tatu kunaisaidia programu kutambua mistari ilipo, lakini hakurudishi kilichopotea. Ni ukungu ule ule, mkubwa zaidi.

Programu nayo iliongeza makosa yake. Nukta za desimali zilimezwa, 90.5 ikawa 905. Palipokuwa na mstari mfupi badala ya namba, ilipita kimya na kusogeza kila kilichofuata safu moja kushoto, hata mavuno ya Mwamgongo yakakaa chini ya Ujiji. Kosa hili la pili ni baya zaidi kwa sababu halionekani kwa macho: namba zote zinaonekana za kawaida, ila zimekaa nyumba ya jirani. Nikaacha programu, nikaandika jedwali zima kwa mkono mara mbili kwa siku tofauti, kisha nikalinganisha nakala hizo.

Ukiacha kichwa na jumla ya chini, jedwali lina visanduku 192 ukihesabu na safu ya mwezi. 151 vinasomeka bila shaka, na 23 nimevipata kwa hesabu kupitia safu ya jumla na ya wastani. Vimebaki 18. Kwenye 13 tarakimu haijulikani, na 5 vina mstari mfupi. Kwa bahati mbaya 11 kati ya hivyo 18 viko kwenye miezi ya Mei hadi Agosti, miezi ile ile ninayoihitaji.

Mstari wa Juni 2013 unaonyesha hesabu inafika wapi na inakwama wapi. Alama ya kuuliza ni pale ambapo sioni kama ni 3 au 8:

```
mwezi,kibirizi,katonga,ujiji,mwamgongo,jumla,mitumbwi,wastani
2013-06,13?6,9?2,517,604,3439,38,90.5
```

Safu ya mitumbwi nilisita kati ya 33 na 38, lakini 3439 kugawa kwa 38 ni 90.5 kamili, basi hiyo imekwisha. Kwa Kibirizi na Katonga, 1336 na 982 zinaleta jumla ya 3439. Na 1386 na 932 nazo zinaleta 3439 hiyo hiyo. Jumla ya chini ya safu haiamui, kwa kuwa Kibirizi na Katonga zina visanduku vingine vyenye shaka ya 3 na 8. Nikikosea, mwalo mmoja utapungukiwa kilo 50 na mwingine utazidishiwa hizo hizo, na hakuna hesabu ya pembeni inayoweza kusema ni upi.

Mistari mifupi ina ugumu wa aina nyingine: inasomeka vizuri, ila maana yake siijui. Mei 2013 Mwamgongo kuna mstari. Je, mitumbwi ilitoka ikarudi mikavu? Au haikutoka kwa sababu ya upepo wa kusini? Au mpimaji hakufika? Mwalo ule uko kaskazini ya Gombe na hufikiwa kwa boti, kwa hiyo siku moja ya ziwa kuchafuka inatosha kuharibu ratiba. Safu ya jumla haisaidii hapa, maana sifuri na kukosekana kwa kipimo vyote havijumlishi kitu. Lakini kwenye wastani tofauti ni kubwa. Juni hadi Agosti mwaka huo Mwamgongo ni 604, 580 na 616. Nikihesabu Mei kama haikupimwa, wastani ni 600. Nikiihesabu kama sifuri, wastani unashuka hadi 450. Robo nzima ya msingi wangu inategemea kistari kimoja.

Kwa sababu hiyo, ukiweza, nitashukuru zaidi kupata orodha ya vipimo vyenyewe kuliko jedwali la miezi: mstari mmoja kwa kila mtumbwi uliopimwa, wenye tarehe, mwalo, aina ya wavu, idadi ya taa na kilo. Tarehe ndiyo naiomba kwa mkazo. Uvuvi wa kipe, wa wavu na taa usiku, unategemea giza, na siku za mbalamwezi taa hazivuti dagaa ipasavyo na wavuvi wengi hupumzika. Mwandamo wa mwezi ni siku 29 na nusu, na mwaka wa kalenda unaipita miandamo kumi na miwili kwa siku kama 11. Timu iliyopima kila tarehe 15 itakuta mwezi wa angani umehama kwa siku 11 kutoka Juni moja hadi Juni inayofuata. Bila tarehe sitajua kama mavuno yalipungua ziwani au mbalamwezi tu iliwaka siku ya kupima.

Kuna mambo mawili ambayo hata faili peke yake huenda lisiyajibu, naomba neno lako. Kichwa cha jedwali kinasema kilo, lakini maelezo ya njia yanasema dagaa walipimwa kwa kreti pale mwaloni. Kreti iligeuzwaje kuwa kilo: kwa kizio kimoja mialo yote, au kila mwalo na kizio chake? Na dagaa walipimwa wabichi, si ndiyo? Pili, 38 ya Juni 2013 ni mitumbwi 38 tofauti, au ni kushusha mara 38, mtumbwi mmoja ukihesabiwa kila ulipoingia? Mkengeuko sanifu wenu unategemea jibu hilo, na jaribio la takwimu nitakalolitumia pia.

Tafadhali usijisumbue kusafisha faili. Lilivyo ndivyo linavyonifaa, liwe Excel, la SPSS lenye `.sav`, au CSV. Kama ni Excel ni afadhali kutuma `.xlsx` lenyewe: namba zilizoandikwa kwa mkato wa maelfu, mfano 1,336, zikipitia CSV iliyofunguliwa vibaya hukatika na kuwa safu mbili. Safu zenye vifupisho nitaomba ufunguo wake, hata kama ni mistari mitatu ndani ya barua pepe. Kama kuna safu ya majina ya wenye mitumbwi au namba zao za simu, naomba uifute kabla ya kutuma, au uweke namba ya siri kwa kila mtumbwi. Sihitaji kumjua mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 haipendi taarifa hizo zizagae bila sababu.

Ninaelewa ni zaidi ya miaka kumi tangu kupima, na kompyuta za wakati ule nyingine zilishakufa. Kama orodha ya vipimo haipo, huenda jedwali la miezi limebaki ndani ya rasimu ya Word iliyotangulia picha. Hiyo peke yake ingemaliza tatizo la tarakimu 13. Na kama na hiyo haipo, nimeambatanisha faili `visanduku18.xlsx`. Lina mistari 18 tu: mwezi, safu, namba ninazodhani, na nafasi ya jibu lako. Kwenye mistari mifupi andika `0` kama walitoka wakakosa, `NA` kama haikupimwa. Hata ukipiga picha ya daftari la zamani kwa simu nitapokea kwa mikono miwili, mradi karatasi iwe imenyooka na mwanga wa pembeni. Kama data zilibaki kwa mwandishi mwenzio au kituo kilichofadhili, nielekeze na unipe ruhusa ya kusema umenituma.

Kwa upande wangu: data nitazitumia kwa tasnifu hii tu, sitamgawia mtu mwingine wala kuzipandisha mtandaoni bila kibali chako cha maandishi. Nitaitaja makala yako na kueleza kuwa namba zimetoka kwako moja kwa moja. Sura yenye Jedwali lako nitakutumia kabla ya kuwasilisha, ili ukiona nimelisoma visivyo uniambie. Nikikuta namba ya faili inatofautiana na ya jedwali lililochapishwa, nitakuuliza wewe kwanza. Masharti mengine ukiyaweka, nitayafuata.

Ninatakiwa kuwasilisha tasnifu ifikapo 30 Septemba 2025, na uchambuzi wa sura hii nitauanza wiki ya pili ya Agosti. Kama itakuwia vigumu kutafuta faili ndani ya muda huo, neno moja tu la kuniambia hivyo litanisaidia: nitaacha visanduku 18 wazi na kueleza sababu, badala ya kubahatisha. Msimamizi wangu anapata nakala ya barua hii, na unaweza kumwandikia moja kwa moja ukitaka kuthibitisha kuwa ombi ni la chuo.

Ukurasa wa 7 uliokuzwa, wenye duara jekundu kwenye kila kisanduku ninachokiulizia, umeambatanishwa pamoja na faili la visanduku.

Wako mtiifu,

Rehema Issa
Mwanafunzi wa mwaka wa 3

Nakala: Msimamizi wa tasnifu
Viambatanisho: `visanduku18.xlsx`, `uk7_alama.pdf`