Barua kwa mwenye nyumba: bomba lililopasuka usiku wa 12 Machi 2025

Somoe Bakari,
Mpangaji, vyumba vya uani,
Mtaa wa Magomeni,
MTWARA.

17 Machi 2025

Baba Salima,
Mwenye nyumba.

YAH: BOMBA LILILOPASUKA, MALI ILIYOHARIBIKA NA OMBI LA FIDIA

Shikamoo Baba. Pole na swaumu.

Tulizungumza kwa simu asubuhi ile ile ya tukio, ila naona ni vyema nikuandikie, jambo hili lisibaki la mdomo tu.

Maji yalikatika mtaani tangu Jumatatu tarehe 10. Yalirudi usiku wa kuamkia Jumatano tarehe 12, na yalirudi kwa nguvu. Tulipoamka kula daku, kama saa tisa na nusu, nikasikia mlio chumba cha mbele, pale ninaposhonea. Bomba linalopanda kwenye simtanki lilikuwa limeachia pale pale kwenye elbo, juu ya silingi bodi. Bodi moja ilikuwa imebabuka na kuning'inia, maji yakimwagikia ovaloki na meza ya kukatia. Nilizima umeme kwenye mein switchi kwanza, kisha nikakimbilia koki ya mita. Haikuzunguka kwa kutu. Kijana wa nyumba ya pili ndiye aliyeifunga kwa spana, na wakati huo maji yalishavuka kizingiti na kuingia chumba cha kulala.

Picha nilizipiga usiku huo huo kabla sijaondoa kitu, nikakutumia kwa Wasapu saa 10:20 alfajiri. Nimezichapisha na kuambatanisha hapa. Ya 1 na ya 2 zinaonyesha elbo iliyoachia. Ukitazama vizuri utaona tyubu ya baiskeli bado imefungwa juu yake. Ya 3 ni silingi bodi, ya 4 ovaloki, ya 5 na ya 6 vitambaa, ya 7 godoro. Ya 8 ni ya zamani, nitaieleza.

Hiyo tyubu, Baba, ndiyo kiini cha barua hii. Ilifungwa na fundi uliyemtuma Novemba 2023, elbo ilipoanza kuvuja, akasema ni ya muda. Juni 2024 ilivuja tena, ukaniambia nimlipe fundi mimi halafu tutakatana kwenye kodi. Nililipa shilingi 35,000, risiti ninayo, na kodi niliyolipa baada ya hapo ilikuwa kamili. Tarehe 9 Januari mwaka huu nilikutumia picha ya doa la unyevu kwenye silingi bodi (ndiyo hiyo ya 8). Fundi alikuja tarehe 14, akapanda juu, akasema bomba lote kutoka ukutani hadi kwenye simtanki libadilishwe, kiraka hakitashika. Akaondoka akisema anakuletea makadirio. Sijamwona tena.

Sasa hasara. Mota ya ovaloki imeungua. Fundi cherehani ameandika kuwa nyingine na ufundi wake ni 120,000. Vitambaa vya wateja watano vimechujiana rangi na kuingia kutu, thamani yake 145,000. Hivi ndivyo vinavyoninyima usingizi, kwa sababu ni nguo za sikukuu na wenyewe wameshaanza kuulizia. Godoro nilinunua 2023 kwa 210,000. Sikudai bei ya jipya, nimeweka 110,000. Madaftari ya mwanangu na gamu ya kola zilizolowa sikuziandika. Jumla ni 375,000, na ile 35,000 ya mwaka jana inafanya 410,000.

Mkataba wetu, kifungu cha 6, unasema mabomba, paa na nyaya za ukutani ni juu ya mwenye nyumba. Kwa hiyo naomba bomba libadilishwe lote pamoja na koki ya mita, kabla ya Ijumaa tarehe 21. Kwa sasa koki imefungwa na tunachota kwa jirani. Kabla ya siku hiyo hiyo naomba pia 145,000 taslimu, nikanunue vitambaa vya watu niwahi kushona. Iliyobaki, 265,000, sikulazimishi kuitoa mkononi. Kodi nimelipa hadi mwisho wa Juni, basi ikatwe kuanzia Julai: Julai na Agosti zote, na Septemba nitakuongezea 5,000 itimie 90,000.

Vitu vilivyoharibika nimeviweka kando, sijatupa hata kimoja. Njoo uvione mwenyewe, au umtume Salima. Jioni baada ya futari nipo kila siku. Mjumbe alishakuja tarehe 12 asubuhi akaona na kuandika, nakala ya maandishi yake imo humu. Nisipopata jibu hadi Ijumaa nitamwomba mwenyekiti wa mtaa atukutanishe, ingawa ningependa tuyamalize sisi wenyewe.

Wasalaam,

Somoe Bakari

Viambatanisho: picha 8, risiti ya Juni 2024, makadirio ya fundi cherehani, maandishi ya mjumbe, nakala ya mkataba.