Barua kwa Mama Salma kuhusu mchele wa vunja jungu

Tandale Sokoni, Dar es Salaam
Jumanne, 8 Julai 2025

Mama Salma,
Magomeni Mapipa.

Shikamoo mama.

Natumaini wewe na nyumba nzima hamjambo, na jiko linawaka kama kawaida. Ni mimi Hamisi, kijana wako wa mchele wa Tandale. Kwanza nikutoe wasiwasi: hii si barua ya deni. Nimepitia daftari ukurasa kwa ukurasa na hudaiwi hata senti. Tangu 2021 ulikuwa ukilipa mzigo ukishashushwa tu.

Naandika kwa sababu mara ya mwisho kuchukua mchele kwangu ilikuwa Alhamisi, tarehe 27 Februari. Gunia mbili, kama kila Alhamisi, kwa ajili ya biriani ya Ijumaa. Mwezi mtukufu ulipoingia sikushangaa kimya chako, nikijua mchana unafunga. Sikukuu ikapita, Aprili ikapita, na mimi bado najiambia mama atapiga simu wiki hii. Sasa miezi minne imeshapita. Mteja wa miaka minne haachi kuja bila sababu, na ilikuwa juu yangu kukutafuta mapema.

Kuna jambo ambalo hukuniuliza, lakini ni haki yako kulijua.

Mwishoni mwa Februari mtu wangu wa Kyela alikuwa ameishiwa mpunga. Kwa kuwa vunja jungu ilikuwa imekaribia na wateja wanasubiri, nikanunua gunia 15 kwa dalali hapa hapa sokoni, nikiambiwa ni supa ya Kyela tupu. Nilifungua mdomo wa gunia, nikachota, nikanusa, nikaridhika. Sikupiga bambo katikati wala chini, na hapo ndipo nilipokosea. Mwezi Machi mteja mmoja mpishi wa shughuli alinirudishia nusu gunia. Nilichukua kilo moja nikapika mwenyewe nyumbani. Juu ya gunia ilikuwa supa kweli, lakini chini ilichanganywa na saro. Kwenye sufuria punje nyingine zilishapasuka na nyingine bado zina kiini. Ukiongeza maji ili hizi ziive, zile zinakuwa bokoboko.

Nilipofuatilia daftari nikakuta gunia 11 za mzigo ule zilishatoka, na mbili kati yake zilikuja kwako. Gunia nne zilizobaki niliziondoa kwenye supa.

Nafahamu biriani ya vunja jungu kwako ni kitu gani. Watu wanatoka Kigogo na Kinondoni kuja kula pale. Kama siku ile sahani zilirudi jikoni, au mtu alikuambia mbele ya wengine kwamba siku hizi unapika wali wa msibani, aibu ile ilitoka dukani kwangu na wewe ukaibeba. Nisamehe mama. Tena nisamehe zaidi kwa kukaa kimya baada ya kujua. Nilipaswa kukupigia simu siku ileile ya Machi. Nilijiambia nitakueleza ukirudi, na wewe hukurudi.

Kijana aliyekuletea barua hii amebeba kiroba cha kilo 20. Hicho ni fidia ya mzigo ule, maana ulilipa bei ya supa na hukupata supa. Ni chako hata kama hutanunua kwangu tena, na kijana hatakudai saini wala nauli.

Ila inawezekana nakisia vibaya na sababu yako ni nyingine kabisa. Ndiyo maana nakuomba uniambie mwenyewe. Nimejaribu kukumbuka kila kitu kinachoweza kumuudhi mteja. Februari hiyohiyo nilipandisha kilo kutoka 2,400 hadi 2,600 na wewe ukaijua bei mpya mzigo ukiwa tayari mlangoni. Huo haukuwa utaratibu mzuri. Kuna Alhamisi mbili za Januari bajaji ilifika saa tano, na najua wewe unataka mchele uwe umeshachambuliwa kabla ya adhuhuri. Kama ni mzani, sema pia. Wangu unahakikiwa na Wakala wa Vipimo na stika unaweza kuja kuiona, lakini kama gunia lilipungua njiani ningependa kujua lilipungua mikononi mwa nani. Na kama kuna kijana wangu aliyekujibu vibaya kwenye simu, usimfichie. Umepata mtu mwenye mchele bora au bei nafuu? Nalo niambie, sitanuna.

Unaweza kunipigia au kunitumia sauti ya WhatsApp kwenye namba ileile. Ukiona uzito kusema na mimi, mwambie mke wangu, Mama Rehema. Yeye ndiye anayeshika daftari na mnaelewana kuliko mimi na wewe.

Ukipenda kurudi, hivi ndivyo nilivyopanga. Supa ya Kyela leo nauza 2,400 kwa kilo. Kwako gunia mbili za kwanza nitahesabu 2,200, yaani kwa kilo 200 utalipa 440,000 badala ya 480,000. Nauli ya bajaji hadi Mapipa ni juu yangu kwa mwezi mzima wa kwanza. Bei hiyo naishikilia hadi Alhamisi, tarehe 31 Julai. Siwezi kuivuta zaidi ya hapo kwa sababu bado sijui mzigo wa Agosti utanifikia kwa shilingi ngapi, na sitaki kukuahidi kitu nitakachokuja kukigeuza.

Kuna moja la kukutahadharisha. Sasa hivi soko limejaa mchele wa mavuno mapya. Unanukia vizuri sana, lakini wewe unajua kuliko mimi kwamba mchele mpya hautaki maji mengi na kwa biriani unashikana upesi. Kwa hiyo nimekutengea gunia nne za mpunga wa msimu uliopita, uliokaa ghalani na kukobolewa wiki iliyopita tu. Kiroba ulicholetewa kimetoka humo. Kipike kwa sufuria yako na moto wako, halafu ndipo uamue.

Na kuanzia sasa kila gunia la kwako nitalipiga bambo sehemu tatu, juu, katikati na chini, mbele ya yeyote utakayemtuma. Ukipika kilo 10 za mwanzo zisikupendeze, gunia lirudi lilivyo. Hela yako nitakurudishia siku hiyohiyo kwa M-Pesa, na zile kilo 10 ni hasara yangu.

Kama umeshaamua kubaki na mtu mwingine, sitakusumbua tena kwa barua wala simu. Nitakuomba neno moja tu, kilichokuondoa ni nini, maana wale wengine waliopata gunia za mzigo ule nimeanza kuwafuata mmoja mmoja na nataka kujua nirekebishe wapi.

Msalimie Salma. Mara ya mwisho uliniambia anajiandaa na mtihani wa kidato cha nne; namwombea afanye vizuri.

Mwanao,
Hamisi
Duka la mchele, Tandale Sokoni, upande wa mashine za kukoboa