Kuhusu: Mama Feza kusimamia faili zako kuanzia Jumatatu tarehe 13 Aprili, na mambo ambayo bado hayajafungwa

Lubumbashi, Alhamisi tarehe 9 Aprili 2026

Kwa: Mama Ngalula
Nakala: Mama Feza, idara ya uhasibu

Mheshimiwa Mama Ngalula,

Jambo sana Mama, na salamu kwa jamaa yote nyumbani na kwa vijana wa depo.

Nilikueleza kwa simu siku ya Jumanne kwamba kampuni imenihamishia ofisi yetu ya Kolwezi, na kwamba siku yangu ya mwisho ya kazi hapa Lubumbashi ni kesho Ijumaa. Naandika sasa ili yale tuliyozungumza yabaki kwenye maandishi, na ili wewe, Mama Feza na watu wa uhasibu muwe na karatasi moja ya kurejea pale mtu yeyote atakapouliza tulikubaliana nini.

Kuanzia Jumatatu tarehe 13 Aprili faili zako zote zitasimamiwa na Mama Feza, ambaye nimemweka kwenye nakala ya barua pepe hii. Huenda sauti yake unaijua tayari, maana ndiye aliyepokea simu zako mwezi wa Agosti mwaka jana nilipokuwa likizoni, wakati gari la rangi lilipokwama Nakonde. Yuko katika ofisi hii kwa miaka 8, na kabla ya hapo alikaa miaka 3 Kasumbalesa akiwa deklaran, kwa hiyo mambo ya mpakani anayajua kwa kuyafanya mwenyewe. Sikumchagua mimi, ni mkurugenzi. Lakini ningeulizwa, ningemtaja yeye. Leo jioni atakuandikia ujumbe wake mwenyewe wenye namba zake zote za simu.

Sasa naingia katika mambo yaliyobaki wazi, nikianza na lile linalohitaji haraka kuliko mengine yote.

Kontena la vigae kutoka Foshan, faili namba 214, lilifika Kasumbalesa jana Jumatano jioni, na nimezuia kwa makusudi tamko lake lisiingizwe Sydonia. Sababu ni tofauti niliyoiona kwenye hati. Ankara inasema katoni 906, orodha ya upakiaji inasema katoni 960. Nilipoziweka hati zote pamoja mezani, niliona kwamba hati ya shehena ya meli ina 906, cheti cha ukaguzi kilichotolewa kabla ya meli kuondoka nacho kina 906, na uzito ulioandikwa ni kilo 26,274, ambao ndio hasa unaopatikana ukizidisha katoni 906 kwa kilo 29 za kila katoni. Kwa maoni yangu aliyechapa orodha ya upakiaji aligeuza tarakimu mbili za mwisho, basi. Hata hivyo ofisa wa forodha hana wajibu wa kukisia hivyo kwa niaba yetu. Akikuta hati mbili zinapingana katika faili moja, anaweza kuagiza kontena lifunguliwe na katoni zihesabiwe, au akachukua ile hesabu kubwa, na hapo ungelipia ushuru wa katoni 54 ambazo hazimo, kisha TVA ya 16% juu ya thamani pamoja na huo ushuru. Fedha yenyewe isingekuwa nyingi sana. Kinachoniogopesha zaidi ni faini ya kutangaza visivyo, pamoja na jina la duka lako kubaki kwenye kumbukumbu kama jina la kuangaliwa kwa jicho la pili kila linapopita.

Lazima niseme pia kwamba kosa la kuchelewa ni langu. Orodha hiyo niliipokea Jumatano tarehe 1 Aprili, nikaiweka ndani ya faili bila kuilinganisha na ankara, ikaja Pasaka, na Jumatatu tarehe 6 ofisi zilikuwa zimefungwa kwa sikukuu ya Simon Kimbangu. Niliifungua tena Jumanne asubuhi. Kwa kuwa siku hizo zilipotelea kwetu na si kwako, nilimweleza mkurugenzi, naye ameidhinisha kwamba gari likisimama kupita siku 3 za bure tulizopewa na msafirishaji, yaani kuanzia Jumapili tarehe 12, siku 2 za kwanza za kusimama tutazilipa sisi, dola 100 kwa kila siku. Idara ya uhasibu inasoma hapa, na naomba izingatie jambo hili wakati wa kuandaa ankara ya faili 214.

Muuzaji alinijibu usiku wa kuamkia leo kwamba atatuma orodha iliyosahihishwa, yenye muhuri na sahihi, na kwamba asili yake haihitajiki ikiwa nakala inasomeka vizuri. Mama Feza, kumbuka kwamba wao wametutangulia kwa saa 6: ujumbe ukiwatumia baada ya chakula cha mchana, watausoma kesho yake. Waandikie asubuhi na mapema. Hati ikifika, ilinganishe mstari kwa mstari na zile nyingine 3 kabla ya kumpa deklaran, kisha mpigie Mama Ngalula simu, na tamko liingizwe siku hiyo hiyo. Malipo ya ushuru yatafuata hesabu itakayotolewa na Sydonia, wala si makadirio yangu ya mwezi uliopita, ambayo niliyafanya kwa kiwango cha zamani cha kubadilisha fedha.

Jambo la pili lina tarehe isiyosogezwa. Leseni ya kuingiza bidhaa iliyoandikishwa benki kwa ajili ya mzigo unaofuata, ule wa mabomba na koki, inamalizika Alhamisi tarehe 30 Aprili. Kesho yake ni sikukuu ya Wafanyakazi, halafu Jumamosi na Jumapili, kwa hiyo ikitupita hatutaweza kufanya lolote kabla ya Jumatatu tarehe 4 Mei. Meli inatarajiwa Dar es Salaam katikati ya mwezi wa Mei. Mama, nakuomba uende benki wiki ijayo, isizidi tarehe 22, kuomba muda uongezwe. Barua ya maombi nimekwisha kuiandaa, inasubiri sahihi yako tu.

Kuhusu fedha zako zilizo kwetu: kwa faili ya rangi, namba 198, ulitanguliza dola 4,800, na matumizi yote yenye risiti yalifika dola 4,365. Zimebaki dola 435. Uliniambia usirudishiwe, bali zihesabiwe kwenye faili 214, nami nikapeleka maneno hayo uhasibu, lakini hadi leo asubuhi sijaona hati yoyote inayoonyesha kwamba limefanyika. Tafadhali usilipe chochote cha faili 214 kabla ya kuona dola hizo zimepunguzwa kwenye hesabu.

Kuna pia dola 1,000 za amana ya kontena la faili hiyo hiyo ya rangi. Kontena tupu lilirudishwa Dar es Salaam tarehe 2 Machi na risiti ya kulipokea tunayo, lakini wenye kontena wanakataa kurudisha amana kwa kudai kwamba pembe ya chini upande wa mlango imebonyea na kwamba tulilibonyeza sisi. Nina picha ambayo deklaran wetu aliipiga Kasumbalesa siku gari lilipoingia, kabla mlango haujafunguliwa: ubonyeo uko pale pale, na ndani yake kuna kutu, maana yake ni wa siku nyingi. Picha hiyo nimewatumia mara 2 bila kupata jibu la maana. Mama Feza, mimi ningeacha kuandika na kuanza kupiga simu, tena kabla ya saa tisa alasiri kwa saa zetu, kwa kuwa Dar es Salaam wametutangulia kwa saa 1 na baada ya hapo humpati mtu wa kuamua. Wakikataa hadi mwisho wa mwezi huu, jambo lifikishwe kwa mkurugenzi. Mama Ngalula asiachiwe hasara hiyo.

Naongeza ahadi moja niliyoitoa kwa mdomo, isije ikaonekana ngeni kwa mtu: malipo ya huduma yetu yatabaki dola 350 kwa faili moja hadi tarehe 30 Juni, hata kama bei mpya zitatangazwa kabla ya hapo. Mkurugenzi anaijua.

Mama Feza, haya nayaandika mbele ya Mama mwenyewe ili anisahihishe nikikosea. Idhini ya malipo hutoka kwake peke yake. Mwana wake Mwamba, anayesimamia depo ya Kampemba, anatia sahihi ya kupokea mzigo na kuhesabu katoni, wala haidhinishi fedha, hata ikiwa gari limesimama na dereva anapiga kelele. Mama hasomi barua pepe mchana dukani. Jambo la haraka mpigie simu, na la kawaida liandike, atalisoma jioni baada ya kufunga. Malipo yasiyo na risiti hayapokei, na kwa muda wa miaka 4 tuliyofanya kazi pamoja sijawahi kumletea hata moja.

Kesho Ijumaa, saa nne asubuhi, mimi na Mama Feza tutapita depo ya Kampemba tukiwa na faili zote 3 za karatasi, pamoja na ile barua ya benki ya kutia sahihi. Ikiwa saa hiyo haikufai, nijulishe leo kabla ya kufunga duka, tutapanga nyingine ndani ya siku hiyo hiyo. Namba yangu ya simu haibadiliki, na ukitaka kuuliza jambo la zamani nitajibu. Ila maamuzi na maagizo ya kuanzia Jumatatu naomba yaende kwa Mama Feza, yasije yakapita njia mbili na kugongana.

Nakushukuru sana Mama kwa imani yako ya miaka hii yote, na hasa kwa namna ulivyonipokea Jumanne nilipokueleza lile kosa la hati.

Wako katika kazi,

Kasongo
Msimamizi wa faili za wateja, ofisi ya Lubumbashi

Viambatisho: ankara na orodha ya upakiaji ya faili 214, hesabu ya faili 198 pamoja na risiti zake, picha ya kontena iliyopigwa Kasumbalesa, barua ya kuomba benki iongeze muda wa leseni.